Barua ya malalamiko: "Mheshimiwa" hatakurudishia makato

SWALI: Mkopo wangu uliisha Februari, lakini Machi na Aprili nimekatwa tena kwenye mshahara. Nimemwandikia meneja rasilimali watu barua ya heshima kabisa, wiki sita kimya. Nianze na "Mheshimiwa" au "Ndugu"? Sitaki nionekane mkorofi.

JIBU: "Ndugu" inatosha, au "Bwana" au "Bibi" kama ndivyo mlivyozoea kazini. "Mheshimiwa" waachie wabunge, mawaziri na mahakimu. Meneja ukimwita hivyo atadhani unamkejeli.

Ila kimya hicho hakikuletwa na salamu. Barua za namna hii napokea kila siku: mistari minne ya "kwa heshima na taadhima", "samahani kwa usumbufu", "najua una majukumu mengi", kisha dai lenyewe limejibanza mwishoni: "naomba uliangalie suala langu". Aliliangalia, akaliweka. Hukumwomba kingine.

Heshima imeshamalizwa na "Ndugu" pale juu na "Wako mtiifu" pale chini. Katikati weka dai. Hata kichwa kiseme: si "YAH: MALALAMIKO", bali "YAH: KUREJESHEWA MAKATO YA MKOPO YA MACHI NA APRILI". Kisha:

"Rejea barua yangu ya tarehe 5 Mei. Mkopo wangu ulimalizika Februari, kama hati niliyoambatisha inavyoonyesha. Hata hivyo, nimekatwa tena Machi na Aprili. Naomba nirejeshewe fedha hizo pamoja na mshahara wa Juni, au nipewe maelezo kwa maandishi kabla ya tarehe 20 Juni."

Tazama vitenzi. "Nimekatwa" inataja kosa bila kumnyooshea mtu kidole. Ungeandika "mmenikata", msomaji angeanza kujitetea. "Mmeniibia" ingekugeuza wewe kuwa mshitakiwa. Vivyo hivyo "nirejeshewe" ina adabu ambayo "rudisheni" haina, na dai halijapungua hata senti. "Naomba" nayo si unyonge ikifuatwa na tarehe. Isipofuatwa na tarehe, ni dua.

Wapo wanaokataa "Wako mtiifu" wakidhani wanakiri utumwa. Ni desturi ya barua tu, iache. Chini ya sahihi ongeza "Nakala: Mkuu wa Idara ya Fedha". Mstari huo mmoja unasukuma kuliko aya nzima ya vitisho.

Na hao wanaouza barua zilizokwisha andikwa, za kujaza jina tu! Barua ileile inaombea likizo, inalalamikia makato, inaomba radhi. Nimeshaona ya malalamiko inayomalizia "natumaini ombi langu la kazi litakubaliwa". Mwenye barua alikuwa ameshaipeleka masjala, imegongwa muhuri wa kupokelewa.