Barua ya kuomba kibali manispaa: ofisa anataka kuona nini

Nimekuwa katibu wa chama cha wafanyabiashara wa soko kwa muda sasa na barua za kuomba vibali ndo zinanikuta mimi. Nyingi ninazoonyeshwa na wenzangu wa masoko mengine zinaanza na ugumu wa maisha, watoto wanataka ada, biashara imedorora, halafu mwishoni kabisa ndo unakuta sentensi moja ya "tunaomba mtufikirie". Yote kweli, lakini ofisa akimaliza kusoma hajui agonge muhuri kwenye nini.

Tuchukue mfano, chama kinataka wanachama 60 wauze jioni kwenye barabara ya pembeni ya soko. Kichwa cha barua kiseme hivyohivyo: "YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA KUFANYA BIASHARA JIONI KATIKA BARABARA YA PEMBENI YA SOKO". Aya ya kwanza nayo isizunguke:

"Chama chetu kinaomba kibali kwa wanachama 60 kuuza bidhaa kila Ijumaa na Jumamosi, kuanzia saa 11 jioni hadi saa 3 usiku, kwa majaribio ya miezi 3. Orodha ya wanachama, muhtasari wa kikao na mchoro wa eneo vimeambatanishwa."

Hayo maneno "majaribio ya miezi 3" msiyadharau. Kumpa mtu barabara moja kwa moja ni uamuzi mzito hakuna ofisa anataka kuubeba peke yake, ila majaribio yana mwisho, mambo yakiharibika anaacha muda uishe tu.

Sasa sababu, na hapa ndo barua nyingi zinakufa. Barua yenu haisomwi na mtu mmoja, inazungushwa kwa watu wa usafi, wa barabara, wa biashara, na kila mmoja anatafuta kitu cha kukataa kwa upande wake, kwa hiyo kila sababu mnayoandika iwe jibu la swali la mmoja wao. Wa barabara atauliza gari la zimamoto litapita wapi. Msimwandikie "tutahakikisha njia iko wazi", mpigieni hesabu. Barabara ina upana wa mita 9, meza zinakaa pande zote mbili na kila meza inachukua mita 1.5, hapo zimeenda mita 3. Wateja wanaosimama mbele ya meza wape mita 1 kila upande, zimeenda 2 nyingine, katikati zinabaki mita 4 tupu. Urefu nao, meza 30 kila upande, kila moja mita 2, ni mita 60, ongezeni mapengo ya watu kuvuka. Chora kwa mkono, andika vipimo, ila pimeni kweli kwa futi kamba maana atakuja kupima, na akikuta mita 7 badala ya 9 hata yale mengine ya kweli hatayaamini tena.

Wa usafi mwambieni nani anafagia, anaanza saa ngapi na taka zinaenda wapi, basi. Wa biashara anataka mapato, na hapa watu wanapenda kutupia mamilioni ya kubuni. Bora mweke mtu getini na daftari jioni za wiki mbili, ahesabu wanaokuja wakakuta soko limefungwa, namba hiyo hata ikiwa ndogo mnaweza kuitetea mkiitwa kwenye kikao.

Halafu kuna wenye maduka yanayotazama barabara hiyo. Hawa ndo wanaoangusha maombi kimyakimya, meza zikiwazibia mlango wanakwenda kulalamika kabla barua yenu haijafika mezani. Waoneni mapema na mchoro mkononi, acheni nafasi mbele ya milango yao, anayekubali asaini na karatasi iambatane na barua. Asiyekubali msimfiche, andikeni kwamba meza haitawekwa mbele yake. Inapunguza meza mbili tatu, lakini inaua lalamiko.

Barua isainiwe na mwenyekiti na katibu, ikiwa na namba ya simu inayopokelewa. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe mrudi nayo, maana bila hiyo mkija kufuatilia mtaambiwa barua haijaonekana na hamna cha kuonyesha. Mkifuatilia msiulize "imefikia wapi", ulizeni faili liko kwa nani.

Na kibali kikitoka kisomeni chote kabla ya kutangazia wanachama. Mara nyingi kinakuja na masharti ambayo hamkuomba, mfano mwisho saa 2 usiku badala ya saa 3, au watu 40 tu. Mkiwa na pingamizi jibuni kwa maandishi mkitaja namba ya kumbukumbu iliyo kwenye kibali, na mpaka mjibiwe meza ziwe 40, wale 20 wakae kwa zamu.