Hatua moja, vitisho viwili

"Kwenye gomoku, huu mchezo wa kupanga kete tano mfululizo, kila nikitengeneza tatu wazi jamaa anaziba tu, hiyo hatua ya kumbana pande mbili naionaje?"

Usikimbilie tatu wazi ndugu, yaani tatu mfululizo ambayo haijazibwa upande wowote, tafuta kwanza tatu iliyozibwa upande mmoja, maana ukiongeza ya nne hana pa kwenda, lazima azibe hapo hapo. Juzi pale Nyerere Square tunacheza kwenye daftari la hesabu, nina F8, G8 na H8, mwenzangu keshaziba E8, na juu kidogo nina I9 na I10 zimekaa tu. Nikaweka I8. Mlalo ukawa nne, akakimbilia J8, kumbe wima nina tatu na I7, I11, I12 ziko wazi, nikaweka I11, akiziba I7 namalizia I12, basi imeisha. Ila ningeweka J8 ni nne pia, yeye anaweka I8 na mistari yote miwili inakufa, nilishawahi kupoteza gemu hivyo na iliniuma sana.

Aliyesema hapo juu tatu wazi mbili kwa mpigo zinatosha, nusu ni kweli, kama mpinzani naye ana tatu yake anapiga nne na kukuibia zamu, halafu kwenye Renju, gomoku yenye sheria kali zaidi, mweusi haruhusiwi kabisa tatu mbili, nne na tatu ndo ruksa. Na hata hiyo I8, angalia kwanza J8 haimpi yeye nne.

Anayeuliza kete zinadondokaje chini, hiyo ni Connect Four, mchezo mwingine mkuu. Wewe mwenye swali la kuzibwa tupia picha ya ubao wako, labda jamaa anakuzuia mapema kuliko unavyodhani.