Kimya hupewa maana na kauli iliyotangulia

Swali la wiki: "Wapo wasemao kwamba aliyenyamaza amekubali. Je, mtu asipojibu salamu, swali au mwaliko, tuchukue kwamba amesema nini?"

Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kusikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa na kuyaandika neno kwa neno, pamoja na pumzi, vigugumizi na vipindi vya kimya vilivyomo, kila kimoja kikiwa kimepimwa urefu wake. Kutokana na kazi hiyo naweza kusema kwamba msemo uliotajwa una ukweli katika baadhi ya mazungumzo, na kwamba katika mengine, hasa yale ya kualika na kuomba, ukweli huwa kinyume chake kabisa.

Mazungumzo yetu kwa sehemu kubwa hujengwa kwa kauli zinazokuja mbili mbili. Salamu huitikiwa kwa salamu, swali hujibiwa kwa jibu, mwaliko hukubaliwa au hukataliwa, lawama hukiriwa au hukanushwa. Wanasosholojia wa Marekani, Harvey Sacks na Emanuel Schegloff, walizieleza jozi hizi kwa makini katika makala yao ya mwaka 1973. Jambo walilolishikilia ni kwamba kauli ya kwanza haingoji tu kauli ya pili. Inaifungulia nafasi, na nafasi hiyo ina mwenyewe. Watu wawili waliokaa pamoja wakipumzika wanaweza kunyamaza nusu saa, na kimya hicho kisiwe cha yeyote kati yao. Mmoja akiuliza, "Umekula?", kimya kitakachofuata, hata kiwe cha sekunde moja, ni cha yule aliyeulizwa, na wote wawili wanajua hivyo.

Ushahidi wa jambo hili ninaoupenda zaidi ulitoka kwa Schegloff mwenyewe, katika utafiti alioutoa mwaka 1968. Alikuwa amechunguza mianzo ya simu zipatazo 500 za idara moja ya polisi nchini Marekani, na akaona kanuni iliyo nyepesi: anayepokea simu ndiye anayesema kwanza. Kanuni hiyo ilishika katika simu zote isipokuwa moja. Katika simu hiyo moja mpokeaji aliinua mkono wa simu akanyamaza, na baada ya muda mfupi mpigaji ndiye aliyesema "Haloo". Mtu mwingine angeihesabu simu hiyo kuwa kosa dogo na kuiacha, lakini Schegloff aliona kwamba kanuni yake ilikuwa imewekwa vibaya. Mlio wa simu nao ni kauli ya kwanza: ni mwito, sawa na anayesema "Hodi!" mlangoni. Anayesema "Haloo" akipokea huwa hafungui mazungumzo, bali anaitika. Mwito ulipokosa kuitikiwa, mpigaji alifanya kile ambacho kila mtu hufanya asipoitikiwa: aliita tena. Kwa hiyo simu iliyoonekana kuivunja kanuni ndiyo iliyoonyesha jinsi nafasi iliyoachwa wazi inavyosikika, na kumfanya aliyeita ashughulike nayo papo hapo.

Hapa ndipo swali lenu linapopata jibu, ingawa si jibu moja kwa kauli zote, kwa sababu kimya huazima maana yake kutoka kwa kauli iliyokitangulia. Mwaliko na ombi huelekea kukubaliwa: kukubali hutolewa haraka na kwa maneno machache, ilhali kukataa hucheleweshwa, huzungushwa na hutanguliwa na sababu. Ndiyo maana kimya baada ya mwaliko husikika kama kukataa kunakokaribia. Lakini mtu akijishusha mbele yako, akasema, "Siku hizi nimezeeka vibaya," jibu linaloelekewa ni kumpinga: "Hata kidogo!" Anita Pomerantz, aliyechunguza jambo hili katika kazi yake ya mwaka 1984, alionyesha kwamba hapo mambo hugeuka. Kimya baada ya kujishusha husikika kama kukubaliana na aliyejishusha, na ndicho kinachomuumiza. Lawama nayo iko upande huohuo, kwa kuwa anayelaumiwa hutarajiwa kukanusha, na akinyamaza, wasikilizaji huanza kumhesabu kuwa amekiri. Naamini msemo wa kwamba aliyenyamaza amekubali umetokana na hali za namna hii, kisha ukaenezwa hadi mahali usipofaa.

Salamu ni jambo la pekee. Mwaliko una majibu ya aina mbili, na kimya kinaweza kuegemea upande mmoja. Salamu haina jibu la kukataa. Asiyeitikia salamu haonekani kuwa amekataa neno fulani, kwa hiyo aliyesalimu hutafuta sababu kwa mtu mwenyewe, na huitafuta kwa mpangilio unaoweza kuusikia katika rekodi. Kwanza hudhani hakusikika, akarudia kwa sauti ya juu zaidi. Baadaye hudhani mwenzake amezama katika shughuli, akamwita kwa jina. Njia hizo zikiisha ndipo huanza kuuliza kama kuna ubaya kati yao. Sijawahi kukuta rekodi ambamo mtu alianza na dhana hiyo ya mwisho ilhali ile ya kwanza ilikuwa bado inawezekana.

Kuhusu urefu wa kimya, masikio yetu ni makali kuliko tunavyofikiri. Mwaka 2009 kundi la watafiti lililoongozwa na Tanya Stivers lilipima majibu ya maswali ya ndiyo au hapana katika lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia. Zilitofautiana, lakini kwa wastani jibu lilifika baada ya takriban sehemu mbili za kumi za sekunde, muda unaokaribia ule wa kupepesa jicho. Kobin Kendrick na Francisco Torreira, waliochunguza mazungumzo ya Kiingereza na kutoa matokeo yao mwaka 2015, waliona kwamba majibu ya kukataa yalianza kuwa mengi kuliko ya kukubali pale tu kimya kilipozidi takriban sehemu saba za kumi za sekunde. Chini ya hapo, hata waliokataa walikuwa wengi wakijibu upesi. Kusitasita kidogo, basi, hakutoshi kumhukumu mtu.

Nitoe mfano mmoja kutoka katika simu niliyoiandika, nikiwa nimeondoa yanayoweza kuwatambulisha wahusika. Mdogo mtu anampigia dada yake.

"Dada, kesho tunahamia nyumba mpya. Unaweza kuja asubuhi unisaidie kufunga vitu?"

Kimya, sekunde 0.9.

"Hata ukija mchana, si lazima iwe asubuhi."

Kimya, sekunde 0.6.

"Ningependa, mdogo wangu, ila kesho nimeahidi kumpeleka mtoto kliniki, na sijui nitamaliza saa ngapi."

"Basi, haina shida, nitamwomba mtu mwingine."

Dada hakusema "hapana" wala "siwezi", na hata hivyo alikataa, na kukataa kwake kulieleweka bila swali. La kuangaliwa zaidi ni ile kauli ya pili ya mdogo mtu. Dada alikuwa hajatamka neno lolote, lakini mdogo wake alikuwa amekwisha kulegeza ombi lake, kutoka asubuhi hadi mchana. Asingekuwa na sababu ya kulilegeza kama asingekisikia kimya kile kuwa kizuizi, naye alikikisia kizuizi chenyewe kuwa ni muda. Kwa kufanya hivyo alitoa kauli mpya ya kwanza na kumfungulia dada yake nafasi ya pili, ambamo angeweza kukubali bila kuonekana kwamba alisita mara ya kwanza. Nafasi hiyo ya pili nayo ilipoanza kupita katika kimya, dada aliijaza kwa utaratibu unaojulikana: nia njema kwanza, kisha "ila", kisha sababu, na kukataa kwenyewe kukaachwa kukisiwe. Ningeombwa kuonyesha mahali ombi lilipokataliwa, ningeweka kidole kwenye zile sekunde 0.9.

Mfano huu unaonyesha pia namna ya kujua kimya kimechukuliwaje. Msomaji asikitazame kimya chenyewe, kwani hakina umbo. Atazame alichofanya aliyeuliza baada yake. Akirudia maneno yaleyale kwa sauti zaidi, amedhani hakusikika. Akiyabadilisha na kuyarahisisha, amedhani hakueleweka. Akipunguza ukubwa wa alichoomba au akitoa njia ya kutokea, amesikia kukataa.

Yapo mambo mawili yanayoweza kutupotosha. La kwanza ni kwamba jibu linaweza kuchelewa kwa halali. Mtu akiulizwa, "Utakuja kesho?", naye akauliza, "Saa ngapi?", hajakosa kujibu, kwani ameingiza jozi nyingine katikati, na jibu la swali la kwanza bado linadaiwa mpaka ile ya ndani ikamilike. Hali ya ujumbe wa maandishi iko karibu na hiyo: anayetuma na anayepokea hawako kwenye mazungumzo kwa wakati mmoja, na anayesoma kimya cha saa mbili kama cha sekunde mbili anakipa maana ambayo mwenzake huenda hakuitia.

La pili lilinipotosha mimi mwenyewe. Niliwahi kuandika mahojiano yaliyofanyika kwa simu ya setilaiti na kurekodiwa upande wa mhoji, na katika nakala ya kwanza nilimwonyesha mhojiwa kuwa mtu anayesita mbele ya kila swali. Nilipoirudia nakala hiyo nilishtuka kuona kwamba alisita hata alipoulizwa, "Unanisikia?" Hakuna anayehitaji kutafakari kabla ya kujibu hilo. Setilaiti nyingi za mawasiliano zilizo katika njia ya mbali hukaa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Sauti hupanda na kushuka kwa takriban robo sekunde, na jibu hutumia robo nyingine kurudi, hivi kwamba mhoji husikia nusu sekunde ya kimya ambayo hakuna aliyenyamaza. Nilipima majibu yake ya maswali mepesi, nikaupata ucheleweshaji wa njia, nikautoa katika kila kipimo. Karibu kusita kote kukatoweka. Palibaki mahali pamoja, alipoulizwa kama angependa kurudi kwenye kazi aliyoiacha, ambapo baada ya kutoa nusu sekunde bado ilisalia zaidi ya sekunde nzima, ikifuatiwa na pumzi iliyovutwa ndani na maneno "Kwa kweli..." Alama za mahali pengine nilizifuta zote. Hiyo moja niliiacha.