Vipeuo ndani ya vipeuo: jengeni dari kwanza

Wadogo zangu mnaoanza hisabati ya kidato cha tano hapa Tabora, kuna swali moja mtakutana nalo mapema, na linapendwa kwa sababu linaonekana jepesi. Mnapewa kipeuo cha pili cha 2, kisha kipeuo cha 2 jumlisha kipeuo cha 2, kisha vinaendelea kuingiana bila mwisho:

√(2 + √(2 + √(2 + ...)))

Mnaulizwa thamani yake.

Mimi nililijibu kwenye mtihani kwa mistari mitatu. Niliuita mlolongo wote x. Kwa kuwa kilichomo ndani ya kipeuo cha kwanza ni 2 jumlisha mlolongo uleule, nikaandika x = √(2 + x). Nikapata x² − x − 2 = 0, yaani (x − 2)(x + 1) = 0, nikachagua 2 na kupiga mstari chini. Jibu ni 2 kweli. Msahihishaji alinipa alama mbili kati ya kumi, na pembeni akaandika kwa wino mwekundu: "Nani amekuambia x ipo?" Siku ile niliona nimeonewa. Leo nawafundisha wenzenu, na swali hilohilo ndilo ninalowauliza.

Tazameni kwa nini lina uzito. Mlolongo ule maana yake ni mfuatano wa namba. Ya kwanza ni √2, na kila inayofuata inapatikana kwa kujumlisha 2 kwenye iliyotangulia na kutoa kipeuo. Kwenye kikokotoo, andika √2, bonyeza =, kisha andika √(2+Ans) na uendelee kubonyeza =. Utaona 1.414214, 1.847759, 1.961571, 1.990369, 1.997591. Zinaelekea 2.

Sasa igeuzeni kanuni. Badala ya kujumlisha na kutoa kipeuo, zidisha namba kwa yenyewe halafu toa 2, yaani Ans²−2. Namba isiyobadilika kwenye kanuni hii inatimiza x = x² − 2, na huo ni mlinganyo wetu uleule, wenye majibu yaleyale, 2 na −1. Jioni moja nikiwa na wanafunzi chini ya mwembe, binti mmoja alianza na 1.9, karibu kabisa na 2. Akapata 1.61, kisha 0.5921, kisha −1.6494, kisha 0.7206, kisha −1.4808. Akadhani amebonyeza vibaya, akarudia, zikatoka zilezile. Hakukosea. Namba hizo hazitulii kamwe, si kwenye 2 wala kwenye −1. Mlinganyo mmoja, kanuni mbili. Moja inafika na nyingine inatangatanga. Kwa hiyo mlinganyo unawatajia tu mahali ambapo mfuatano ungeweza kutulia, kama una kutulia. Kwamba unatulia, lazima muoneshe kwa njia nyingine.

Njia yenyewe ina mambo mawili: dari, na kupanda. Mfuatano unaopanda daima bila kuvuka dari fulani hauna budi kutulia mahali, kwenye dari hiyo au chini yake. Hii ni sifa ya namba halisi, na kwenye mtihani mnaruhusiwa kuitumia mkiitaja.

Dari ni 2. Chukua namba yoyote a ya mfuatano iliyo chini ya 2. Basi 2 + a iko chini ya 4, na kipeuo chake kiko chini ya 2. Kwa hiyo namba moja ikiwa chini ya dari, inayofuata nayo iko chini ya dari. Ya kwanza, √2, iko chini ya 2, basi zote ziko chini. Hoja hii inarithishwa namba kwa namba, na usiposema kwamba ya kwanza iko chini, urithi hauna pa kuanzia. Hapo wengi hupoteza alama.

Kupanda sasa. Inayofuata a ni √(2 + a). Zote mbili ni chanya, kwa hiyo kuzilinganisha ni sawa na kulinganisha vipeo vyao vya pili. Tofauti ni

(2 + a) − a² = (2 − a)(1 + a)

Tazameni kile kipande (2 − a). Ni chanya kwa sababu tumekwisha kuonesha kwamba a iko chini ya 2. Dari ndiyo inayotuhakikishia kupanda, na ndiyo maana nasisitiza dari itangulie. Mtu akianza na 7 mfuatano unashuka: 3, 2.2361, 2.0582, na bado unafika 2, lakini kutoka juu. Hapo atahitaji sakafu badala ya dari.

Nami huulizwa, nitajuaje dari ya kutumia? Tatueni ule mlinganyo kwenye karatasi ya rafu. Unawapa 2, ijaribuni hiyo. Ukichagua 1.9 hoja inavunjika mara moja, maana √3.9 ni kama 1.975. Ukichagua 3 hoja ya dari inasimama, kwa sababu √5 haifiki 3, ila ukifika kwenye (2 − a) huwezi kusema ni chanya, unakwama.

Baada ya hapo mlinganyo una haki ya kuingia. Kikomo kipo, kiiteni L. Kila namba ikizidishwa kwa yenyewe ni sawa na 2 jumlisha iliyoitangulia, na zote mbili zinaelekea L, kwa hiyo L² = 2 + L. Tunatupa −1 kwa sababu hakuna namba ya mfuatano iliyo chini ya √2. Inabaki 2.

Dari inatupa pia mwendo. Pengo kati ya namba na 2 likiwa 2 − a, pengo linalofuata ni lile lile likigawanywa kwa (2 + namba mpya). Namba mpya iko karibu na 2, basi kigawanyo kiko karibu na 4. Angalieni mapengo: 0.585786, 0.152241, 0.038429, 0.009631, 0.002409. Kila moja ni takriban robo ya lililotangulia. Na kanuni ya yule binti ni safari hiyohiyo ikirudi nyuma: pengo lake dogo la 0.1 likawa 0.39, karibu mara nne, likamtupa mbali na 2 badala ya kumvuta.

Jambo la mwisho ni la kikokotoo. Kwenye kioo cha tarakimu kumi, namba ya kumi na saba inaandikwa 2 kamili, na mwanafunzi anatangaza kwamba mfuatano umefika. Haujafika, kwa sababu kila namba iko chini ya dari. Mwambieni aandike Ans−2 na abonyeze =. Vikokotoo vingi hutunza tarakimu zaidi ya zile vinazoonesha, na kwenye kioo chake itatokea namba hasi ndogo sana, karibu −1.4 gawanya kwa bilioni kumi.