Umekaa Miaka Bila Mazoezi? Anza kwa Kusikiliza Pumzi

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazoezi makali kwa nusu ya muda huo. Watu wengi waliokaa miaka bila kujishughulisha hukata tamaa wakisikia hizo 150. Ukizigawa, ni nusu saa kwa siku tano, na si lazima uimalize nusu saa hiyo kwa mkupuo mmoja. Zamani tuliambiwa kutembea chini ya dakika kumi hakuhesabiki. Sharti hilo limeondolewa. Isitoshe, anayefaidika zaidi ni yule anayetoka kwenye kutofanya kabisa hadi kufanya kidogo. Kwa hiyo hata ukiishia dakika 60 kwa wiki, moyo wako umeshapata kitu.

Swali gumu ni hilo neno "wastani". Nililielewa vizuri nilipoanza kutembea na shemeji yangu, mtu wa miaka 52, kazi yake ya kukaa, presha yake juu kidogo. Daktari alikuwa amemruhusu kutembea, ila yeye alitaka kukimbia.

"Kutembea nako ni mazoezi, shemeji?"

Nikamwambia twende, anisimulie habari za kazini. Hatukufika mbali, sentensi zikaanza kukatika. Anasema maneno mawili, anavuta pumzi, anasema mengine mawili. Mwendo ambao kwangu ulikuwa wa kawaida, kwake ulikuwa mazoezi makali tayari. Tukapunguza mpaka akaweza kumaliza sentensi nzima bila kusimama, ila nilipomwambia aimbe akashindwa. Hapo ndipo penye wastani: unaweza kuzungumza, huwezi kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo kidogo. Usipoweza kuzungumza, punguza.

Anayependa hesabu atumie mapigo ya moyo. Toa umri wako kwenye 220; kwa shemeji inabaki 168, makadirio ya mapigo yake ya juu kabisa kwa dakika. Mazoezi ya wastani yako kati ya asilimia 64 na 76 ya hapo, yaani kama mapigo 108 hadi 128. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, hesabu kwa sekunde 15 kisha zidisha kwa nne. Yeye alitakiwa apate 27 hadi 32. Lakini zipo dawa za presha zinazoshusha kasi ya mapigo, na anayezitumia atadanganywa na hesabu hii. Mimi naiamini pumzi zaidi.

Tulianza na dakika kumi tu, siku nyingi za wiki, na katika hizo kumi, mbili za mwanzo na mbili za mwisho zilikuwa za mwendo wa taratibu. Zile za mwisho watu huzidharau. Ukisimama ghafla, damu hubaki miguuni na kizunguzungu kinakupata. Kila baada ya wiki moja au mbili tuliongeza dakika tano, mwendo tukauacha vilevile hadi nusu saa ikawa rahisi. Dakika kwanza, kasi baadaye. Mtu asiyezoea akijitupa ghafla kwenye mazoezi makali, hatari ya mshtuko wa moyo hupanda kwa muda, na kwake hupanda zaidi kuliko kwa aliyezoea.

Misuli kuuma siku moja au mbili baadaye ni kawaida. Kifua kubana au kuwa kizito, maumivu yanayopanda shingoni, kwenye taya au kushuka mkononi, kuishiwa pumzi kuliko ulivyojitahidi, kutaka kuzimia, moyo kudunda ovyo: hayo si ya kuvumilia. Simama papo hapo. Maumivu ya kifua yasipoisha ndani ya dakika chache, hiyo ni dharura, tafuta msaada wa hospitali mara moja. Hata yakiisha, usirudi kwenye mazoezi kabla hujaonana na daktari. Na kama tayari una ugonjwa wa moyo, kisukari au figo, au dalili hizo zimewahi kukupata, muone daktari kabla ya kuanza.

Jambo lililomshangaza shemeji ni kwamba baada ya miezi kadhaa mwendo ule ule ulimruhusu kuimba. Moyo na misuli vilikuwa vimezoea, kwa hiyo ikabidi aharakishe, au atafute njia yenye mlima, ili abaki kwenye wastani. Kinyume chake hutokea ukiacha kwa wiki kadhaa kwa ugonjwa au safari: ukirudi, usianzie ulipoishia. Rudi nyuma hatua moja au mbili, ujipime tena kwa mazungumzo. Ukiwa na homa, usitoke kabisa.