Alama nyekundu ya kichanga: kabla ya kuambiwa "itaisha yenyewe", angalia iko wapi

Mzazi akiona doa jekundu linaloinuka kama stroberi kwenye ngozi ya kichanga chake, karibu kila mtu atamwambia neno lilelile: itaisha yenyewe. Kwa watoto walio wengi ni kweli. Tatizo ni kwamba maneno hayo husemwa katika wiki ambazo kwa baadhi ya watoto hazitaki subira hata kidogo. Binti yangu alizaliwa na alama mbili za aina hii, moja mgongoni, nyingine kwenye kope ya juu ya jicho la kushoto. Ya mgongoni hatukuigusa hadi leo. Ya kwenye kope ilimfanya aanze dawa kabla hajatimiza miezi miwili.

Madaktari huiita hemanjioma. Ni seli za mishipa midogo ya damu zinazozaliana kwa wingi mahali pamoja. Si saratani, na haisababishwi na chochote ambacho mama alikula, alitamani au alishika akiwa mjamzito (nilihojiwa sana kuhusu hilo, na si na madaktari). Huwapata zaidi watoto wa kike na watoto njiti.

Wengi hawazaliwi nayo ikiwa wazi. Kwa binti yangu, kwenye kope palikuwa na weupe kidogo na vijishipa vyembamba, nikadhani amejikwaruza kwa kucha. Baada ya siku chache pakawa pekundu, kisha pakaanza kuinuka. Ukuaji wa alama hizi una ratiba inayojulikana vizuri: kasi kubwa huwa kati ya wiki ya 5 na ya 8, na mtoto akifika miezi 3 nyingi huwa zimeshafikia takriban asilimia 80 ya ukubwa wake wa mwisho. Zilizo chini ya ngozi, ambazo huonekana kama uvimbe wa rangi ya samawati au wa rangi ya ngozi yenyewe, huchelewa kuanza na huendelea kukua kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo ukiambiwa umrudishe mtoto baada ya miezi mitatu, na alama iko pabaya, utarudi wakati kazi imeshaisha.

Kilichotusaidia ni picha. Nilimpiga picha kila wiki akiwa amelala, karibu na dirisha, rula ikiwa pembeni ya alama. Ukimtazama mtoto kila siku huoni anachobadilika, lakini picha mbili zilizopishana wiki mbili zikiwekwa pamoja zinaongea. Daktari wa ngozi aliziangalia, akainua kope kwa kidole, akaniambia: "Mama, hii ya mgongoni iache. Hii ya jicho haisubiri."

Sababu yake ilinishangaza, kwa sababu jicho lilikuwa bado linafunguka. Katika miezi ya mwanzo ubongo ndio kwanza unajifunza kuona. Kope ikilemewa hadi kufunika mboni, jicho hilo halipokei picha. Na hata isipofunika, uzito wake hukandamiza kioo cha mbele cha jicho na kukipinda kidogo, picha inaingia ikiwa na ukungu. Ubongo hulitegemea jicho linaloona vizuri na kulipuuza lile jingine. Miaka baadaye alama inaweza kufifia yote na uoni ukabaki dhaifu. Ndiyo maana tulipelekwa pia kwa daktari wa macho, naye aliendelea kumpima muda wote wa matibabu.

Jicho si mahali pekee pa kuharakisha. Alama ya mdomoni au eneo la nepi hupasuka kwa urahisi ikawa kidonda chenye maumivu makali, na ya ncha ya pua inaweza kuharibu umbo la pua. Zikitapakaa kidevuni na shingoni, huenda kuna nyingine ndani ya njia ya hewa. Mtoto akianza kukoroma anapovuta pumzi au sauti ya kilio ikikauka, mpeleke siku hiyohiyo. Alama pana iliyoshika sehemu kubwa ya uso, au iliyo chini ya mgongo katikati, huhitaji vipimo vya ndani. Na zikiwa 5 au zaidi, hata kama ni ndogondogo, daktari huagiza ultrasaundi ya ini.

Dawa tuliyopewa ni propranololi ya maji. Ni dawa ya zamani ya moyo na presha. Uwezo wake huu uligunduliwa kwa bahati huko Bordeaux, Ufaransa, na ukatangazwa mwaka 2008: mtoto aliyepewa kwa ajili ya moyo alionekana hemanjioma yake ikilainika. Kabla ya kuanza, binti yangu alisikilizwa moyo na mapafu, akapimwa mapigo, presha na uzito. Kipimo hufuata uzito. Kwa kawaida huanzwa kidogo, kisha hupandishwa hadi miligramu 2 au 3 kwa kila kilo kwa siku, zikigawanywa mara mbili. Mtoto wa kilo 5 kwa kiwango cha 2 hupata miligramu 10 kwa siku, yaani 5 asubuhi na 5 jioni. Akifika kilo 6, zinakuwa 6 na 6, ndiyo maana hupimwa uzito kila kliniki. Chupa hutofautiana ukali, kwa hiyo muulize mfamasia akuandikie mililita, na upime kwa bomba la sindano, si kwa kijiko.

Kanuni moja niliibandika ukutani: dawa huenda pamoja na maziwa. Propranololi inaweza kushusha sukari ya damu, na mtoto asiyekula ndiye aliye hatarini. Akitapika, akikataa kunyonya au akianza kukohoa na kubanwa kifua, dozi husimamishwa na daktari hupigiwa. Akilegea, akitoka jasho baridi au akawa mgumu kuamka, hiyo ni dharura. Mambo madogo tuliyoyaona sisi ni mikono baridi na usingizi wa kukatikakatika.

Rangi ilianza kupoa ndani ya siku chache, kutoka nyekundu kali hadi zambarau iliyofifia, na kope ikapungua uzito taratibu. Matibabu huendelea angalau miezi 6, kwani ukiacha mapema inaweza kuvimba tena. Kwa alama ndogo, nyembamba, za juu ya ngozi, daktari anaweza kuchagua matone ya timololi yanayopakwa juu.

Ile ya mgongoni iliendelea na safari yake. Ilikua, ikatulia, na kuanzia karibu na mwaka mmoja katikati pakawa na weupe wa kijivu huku ukingo ukibaki mwekundu. Hiyo ndiyo dalili ya kufifia. Weupe wa namna hiyo ukitokea mapema, kabla ya miezi 3 au 4, una maana nyingine: ngozi inaweza kuwa karibu kuchanika, ionyeshwe. Ikikwaruzwa ikatoka damu, bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10 mfululizo bila kuchungulia. Isipokoma, nenda hospitali.

Kufifia kwingi hukamilika kufikia miaka 4, ila kufifia si kutoweka. Mgongoni kwake pamebaki ngozi laini iliyolegea na vijishipa viwili vitatu. Vijishipa hivyo vinaweza kuondolewa kwa leza na ngozi iliyozidi kwa upasuaji mdogo, akitaka akiwa mkubwa. Kwa sasa fulana inapafunika, na hajawahi kupaulizia.