Lejionela Hainywewi, Huvutwa: Maswali Yenu ya Wiki Hii

"Tukichemsha maji ya kunywa, si tutakuwa tumejikinga na lejionela?" — Msomaji, Kondele

Hapana, na swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Chemsheni kwa ajili ya kipindupindu na homa ya matumbo. Bakteria wa lejionela hutafuta mapafu na kuleta nimonia kali. Shawa inapopasua maji, vitone vidogo visivyoonekana hubaki vikielea hewani, na vile vya chini ya maikromita 5 huvutwa hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Huko seli za ulinzi humeza bakteria, lakini badala ya kufa huzaana ndani yake, kwa kuwa majini pia huishi hivyo hivyo ndani ya amiba. Maji hayo hayo yakishuka tumboni, kwa kawaida hayaleti ugonjwa huu. Wa kuangaliwa ni mgonjwa au mzee anayepaliwa, maana kwake maji ya kunywa huweza kuingia njia ya hewa.

"Nyumba yetu ya wageni hapa Milimani, Kisumu, ina tangi la sola la lita 300. Mgeni aliyelala chumba cha mwisho, kilichokuwa kitupu wiki tano, alilazwa na nimonia siku sita baadaye. Yaweza kuwa ni maji yetu?" — Meneja

Yaweza. Dalili huanza kwa kawaida siku 2 hadi 10 baada ya kuvuta vitone, kwa hiyo siku sita zinaingia humo. Leo hii mpigie simu daktari wake umweleze kuhusu shawa. Amoksilini haimfikii bakteria aliyejificha ndani ya seli. Dawa zake ni kama azithromaisini au levofloksasini. Kipimo cha mkojo kipo, ila hutambua hasa kundi la kwanza tu la bakteria hawa, kwa hiyo jibu la "hakuna" halimalizi shaka.

Pili, funga chumba na usimwage klorini kwanza. Mwite afisa wa afya ya umma achukue sampuli, la sivyo utafuta ushahidi.

Kisha chukua kipimajoto. Bakteria hawa huzaliana maji yakiwa kati ya nyuzi 20 na 45, na hustawi zaidi karibu na joto la mwili. Kwenye nyuzi 60 hufa ndani ya dakika chache. Tangi lako wakati wa jua kali huenda likafika 60 juu, huku chini, maji baridi yanapoingia na tope kutulia, pakabaki 35. Siku za mvua lote huwa vuguvugu, hasa kama umezima hita ya umeme ya tangi ili kupunguza bili. Naona jambo hili kila mahali na linanikera: watu huokoa shilingi kwa kufuga bakteria. Iwashe hita, thamostati iwe 60, na maji ya moto yafike angalau nyuzi 50 shawani ndani ya dakika moja. Kama chumba cha mwisho kinatoa 41, hapo ndipo penye tatizo: bomba ni refu, halijafunikwa, na maji yamelala humo wiki tano yakijenga utando wa ute.

Baada ya sampuli, safisha tangi, badilisha kichwa cha shawa, na kila chumba kitupu kifunguliwe maji mara moja kwa wiki. Mfanyakazi atumbukize kichwa cha shawa ndani ya ndoo ya maji kabla ya kufungua, asije akavuta vitone yeye mwenyewe. Usisahau maji baridi: tangi jeusi kwenye jua la Kisumu hupita nyuzi 25 kwa urahisi. Litie kivuli.

"Eisii ya ukutani ofisini kwetu Nakuru italeta ugonjwa huu?" — Karani

Hiyo hairushi maji, kwa hiyo si ya kuhofia. Uliza juu ya minara ya kupoza ya viwanda na hoteli kubwa, ambako maji ya vuguvugu hunyunyizwa huku feni ikipuliza hewa nje. Ukungu wake huweza kusafiri mbali kwa upepo. Mwaka 1976, kwenye mkutano wa maveterani katika hoteli moja Filadelfia, Marekani, watu 182 waliugua na 29 wakafa. Bakteria wenyewe walitambuliwa Januari 1977. Mnara usio na dawa ya maji wala vizuizi vya ukungu ni hatari kwa mpita njia ambaye hajawahi kuingia jengo hilo.

"Mgonjwa atatuambukiza nyumbani?" — Mama Atieno, Kakamega

Kwa kawaida hapana. Mhudumieni bila woga.

"Maji ya nyuzi 60 si yataunguza watoto?" — Mzazi, Nakuru

Yataunguza, tena kwa sekunde chache. Mwambie fundi aweke vali ya kuchanganya maji karibu kabisa na shawa. Wengi huiweka pale kwenye tangi kwa sababu ni rahisi, na hivyo bomba lote kutoka kwenye paa hadi bafuni hubaki na maji ya nyuzi 40.